Kifo kikiulizwa swali

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 huko Tus, aliwatazama watu wanaosindikiza jeneza, akaona jambo ambalo yeyote aliyekwenda mazikoni wiki hii atalitambua. Wengi wanacheka na kupiga soga. Wakimtaja marehemu, wanataja mali aliyoiacha na nani ataipata. Hakuna anayewaza kwamba siku moja atabebwa yeye. Ghazali alikuwa na swali zito kuliko la adabu za mazikoni: mbona jambo kubwa namna hii haliachi alama moyoni mwa watu walioligusa kwa mikono yao wenyewe?

Jibu lake limo katika kitabu cha 40, ambacho ndicho cha mwisho, katika Ihya, kazi yake kubwa. Watu wanajua kwamba watakufa, anasema, ila wanakikumbuka kifo kwa moyo uliojaa mambo mengine. Anayetaka kufaidika autoe moyo katika kila kitu abaki na kifo kilicho mbele yake tu, kama afanyavyo mtu aliyenuia kuvuka jangwa la hatari au kupanda chombo baharini. Msafiri wa namna hiyo hana nafasi ya kuwaza kingine. Anahesabu maji, anaaga, anaacha maagizo, analipa anachodaiwa.

Msafiri huyo ndiye anayetufaa hapa, kwa sababu hakai akiiogopa bahari. Anaitumia safari kupanga leo yake. Mapokeo yaliyoifanyia kazi tafakuri ya kifo kwa karne nyingi, nikiyatazama moja moja, yanakubaliana katika hili hata pale yanapopingana kuhusu kinachomngoja mtu baada ya kufa. Kifo hakifundishi kitu kikiachwa kama wazo la jumla. Kinafundisha kikisogezwa karibu, kikipewa sura ya mtu anayefanana nawe, kisha kikaulizwa swali lenye jibu. Sehemu moja ikikosekana, mtu hupata hofu, au huzuni, au hapati chochote.

Tuanze na sura. Kauli kwamba kila nafsi itaonja mauti husomwa kwenye kila msiba, na kwa kuwa ni ya kila nafsi, ni rahisi mtu kuisikia kama habari za wengine. Ghazali anashauri njia nyingine: kumbuka wenzako wa rika lako waliotangulia, mmoja mmoja. Kumbuka uso wake na cheo chake. Kumbuka alivyotembea, na miguu ile sasa iko wapi. Alivyozungumza, alivyocheka, na udongo sasa uko kwenye meno yale. Kumbuka wake waliobaki wajane, watoto waliobaki yatima, mahali pake msikitini na barazani palivyo patupu. Kisha anaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha njia yote: kumbuka alivyokuwa akijipangia vitu ambavyo angevihitaji baada ya miaka kumi, wakati kati yake na kifo ulibaki mwezi mmoja.

Ukilisoma hilo, unaona kwa nini amesema wa rika lako. Mzee wa miaka 90 akifa, akili inasema amekula chumvi nyingi. Mtu wa mbali akifa, akili inasema pole. Lakini aliyekuwa na umri wako, kazi kama yako na mipango kama yako hakuachii mlango wa kutokea.

Washairi wa pwani yetu waliijua njia hii vizuri. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi, anazungumza na moyo wake mwenyewe, na moyo haumsikii. Anaupa hoja za jumla kuhusu dunia isivyodumu, moyo unabaki na ukaidi wake. Ndipo anapoacha mahubiri na kuupeleka majumbani. Ni nyumba zilizowaka taa za kioo na za shaba, usiku ukawa kama mchana. Leo ndani wananing'inia makinda ya popo, na kwenye madaka ya ukutani palipopangwa vyombo vya kaure wanalala ndege. Halafu anaanza kuwataja watu: yuko wapi Ali bin Nasir, yuko wapi shemeji yake Abubakari. Ni watu wa Pate, wa ukoo wake na wa mitaa yake, katika mji aliouona ukianguka. Msomaji wa sasa anaweza kuyapita majina hayo haraka akitafuta beti zenye picha nzuri, na hapo anakosa dawa. Shairi hili ni zoezi la Ghazali lililofanywa kwa Kiswahili, na majina ndiyo yanayolifanya lifanye kazi.

Mbali na hapa, huko Sri Lanka katika karne ya 5, mtawa wa Kibudha aitwaye Budhaghosa aliandika mwongozo wa kutafakari ambamo ameeleza zoezi hili linavyoharibika. Sijaona maelezo yaliyo makini zaidi. Ukikumbuka kifo cha unayempenda, anasema, litakuja jonzi, kama mama anayekumbuka mwanawe aliyefariki. Ukikumbuka kifo cha adui, itakuja furaha. Ukikumbuka kifo cha mtu usiyemjali, hakuna kitakachotikisika, na mfano wake ni mchoma maiti aliyezoea kazi yake. Ukikumbuka kifo chako moja kwa moja bila maandalizi, itakuja hofu, kama mwoga anayeona muuaji amesimama na upanga. Dawa yake ni kuwatazama waliokufa ambao zamani walionekana wakifurahia maisha mazuri, na kutoka kwao kuja kwako. Hajui lolote kuhusu Ghazali, aliyezaliwa zaidi ya miaka mia tano baadaye, wala Ghazali hana habari naye, lakini wote wawili wamefika kwa mtu yule yule: mwenzako aliyekuwa hai na mwenye shughuli zake.

Makosa hayo manne ni kipimo kizuri pia. Mtu akikaa kutafakari akaishia kulia kwa kumkumbuka mama yake, asijihesabu kwamba ametafakari kifo. Ameomboleza, na kuomboleza ni haki ya mama, lakini ni kazi nyingine. Abadili mtu. Amchague ambaye alimjua vya kutosha kuyakumbuka mambo yake madogo, lakini ambaye kifo chake hakikumvunja.

Mfano wa mchoma maiti nao unatuhusu. Tunadhani aliye karibu na maiti ndiye anayekumbuka zaidi. Katika desturi ya Kiislamu, mwosha maiti huanza na upande wa kulia, huosha mara tatu au tano au zaidi zikiwa witiri, kwa maji yenye majani ya mkunazi, na mara ya mwisho hutia karafuu maiti. Mwanamume huvishwa sanda tatu, mwanamke tano. Aliyefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza hasahau mkono: unauinua kuosha kwapa, na mkono haukusaidii hata kidogo, uzito wote ni wako. Hapo mwili unafundisha kitu ambacho maneno hayajawahi kukifikisha. Lakini mara ya hamsini mikono ishajua njia, na akili iko kwenye ndoo ya maji na watu wanaosubiri nje. Kilichopotea ni swali tu, maiti ni wale wale. Mwosha maiti mwenye busara hulirudisha kwa makusudi. Akiwa anafunga sanda anajiuliza kuhusu jambo lake moja, na kesho yake jambo jingine.

Sehemu ya pili ni muda. Ghazali anaita ugonjwa huu urefu wa matumaini, na anauona una mizizi miwili. Mmoja ni kuipenda dunia. Wa pili ni ujinga wa kawaida wa kuhesabu: kijana anategemea ujana wake, hajiulizi kwamba wazee wa mji wake wakihesabiwa hawafiki hata sehemu moja ya kumi ya watu wote. Kama wengi wangefika uzeeni, wazee wangekuwa wengi. Hesabu ya zama zake si ya zama zetu, maana chanjo na hospitali zimeibadilisha, lakini kosa analolionyesha lipo vile vile. Tunachukua umri wa wachache waliofika na kuufanya ahadi kwa wote.

Katika mapokeo ya Kibudha muda huu hukatwa kwa namna ya kushangaza. Inasimuliwa kwamba Budha, akiwa Nadika, aliwauliza watawa wanavyokumbuka kifo. Wa kwanza akasema: huwaza laiti ningeishi usiku mmoja na mchana wake, ningefanya mengi katika mafundisho. Wa pili akasema mchana mmoja. Wa tatu, muda wa mlo mmoja. Wa nne, muda wa kutafuna matonge manne au matano. Wa tano, tonge moja. Wa sita, muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Mtu angedhani wote wangesifiwa. Budha akasema wanne wa kwanza wamezembea. Wawili wa mwisho ndio wako macho.

Hukumu hiyo inaonekana kali mpaka ufikirie kinachoweza kufanywa katika kila muda. Ukijipa mchana mmoja, bado unaweza kuahirisha: asubuhi hii nipumzike, jioni nitafanya. Ukijipa tonge moja, hakuna pa kuahirishia. Linabaki hili ulilo nalo mkononi: unalitafuna ukiwa na nani moyoni, kwa kinyongo au kwa shukrani. Abdallah bin Umar, sahaba wa Mtume Muhammad, alifundisha jambo la jamaa yake na hilo: ukifikiwa na jioni usingoje asubuhi, na ukifikiwa na asubuhi usingoje jioni. Muda wake ni mrefu kuliko wa tonge, na nadhani unamfaa zaidi mtu mwenye watoto na kazi. Anayeishi utawani anaweza kukaa na pumzi moja. Mwenye duka anahitaji kipande cha muda ambacho ndani yake deni linaweza kulipwa.

Ndiyo maana sehemu ya tatu, yaani swali, ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Mawaidha mengi huishia kwenye muda: huenda usifike kesho. Msikilizaji anashtuka, anainamisha kichwa, na jioni anarudi kwenye shughuli zake kwa sababu hakuambiwa ashike nini.

Kuna maelekezo mengine ya Kibudha yaliyokamilika kuhusu hili. Usiku ukiingia, mtawa anaambiwa awaze sababu nyingi zinazoweza kumuua: nyoka, nge au tandu anaweza kumuuma, anaweza kujikwaa akaanguka, chakula kinaweza kumdhuru tumboni. Ni sababu ndogo za kawaida, hazikuchaguliwa za kutisha. Kisha anajiuliza: je, kuna jambo baya ambalo sijaliacha, ambalo lingekuwa kizuizi kwangu nikifa usiku huu? Akiliona, alishughulikie kwa haraka ya mtu ambaye kilemba chake au kichwa chake kimeshika moto. Asipoliona, akae na furaha yake, akiendelea kujizoeza mchana na usiku. Alfajiri anarudia zoezi lile lile.

Uislamu una swali kama hilo, nalo limewekwa kwenye karatasi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume anasema haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa naye anao. Abdallah bin Umar yule yule, aliyeisimulia, akasema tangu siku aliyoisikia haukumpita hata usiku mmoja bila wasia wake kuwa naye. Watu huichukua hadithi hii kama kanuni ya mirathi tu. Mimi naiona ni tafakuri ya kifo iliyo kamili kuliko nyingi, kwa sababu huwezi kuandika wasia bila kutaja majina na kiasi.

Na deni ndilo la kwanza. Imesimuliwa kwamba Mtume aliletewa jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa, akakataa kumsalia mwenyewe mpaka sahaba wake Abu Qatada alipolibeba deni lile. Basi hesabu inakwenda kwa mpangilio: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya kilichobaki, kisha warithi. Tuseme mtu ana mali ya shilingi milioni 30, mazishi yamechukua milioni 1 na madeni ni milioni 4. Kimebaki milioni 25, na anachoweza kuusia ni milioni 8 na laki 3 na ushei. Tena hawezi kumwusia mrithi wake juu ya fungu lake ila warithi wengine wakiridhia. Ajabu ya hesabu hii ni kwamba wengi hukwama kwenye mstari wa pili. Mali wanaijua kwa kichwa. Madeni hawayajui. Kuna la dukani, la mfanyakazi mwenzake, la michango ya chama, la mahari iliyobaki. Kuketi kuyaorodhesha huchukua jioni nzima, na jioni hiyo mtu anajijua kuliko alivyojijua kwa miaka.

Wakatoliki nao wana njia yao, na imetengenezwa kwa kazi tofauti kidogo. Jumatano ya Majivu inamkumbusha muumini kwamba yeye ni mavumbi, na kanuni ya Mtakatifu Benedikto inawataka watawa waweke kifo mbele ya macho yao kila siku. Lakini Inyasi wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, alikitumia kifo kama chombo cha kufanyia uamuzi. Mtu ana jambo la kuchagua na hana uhakika. Inyasi anampa mitazamo. Kwanza amwone mtu ambaye hajawahi kumwona wala kumjua, anayemtakia mema yote, na ajiulize angemshauri achague nini. Kisha alifuate yeye mwenyewe shauri hilo. Halafu ajione yuko katika saa ya kufa: angependa awe ameufanya uamuzi huu wa leo kwa namna gani na kwa kipimo gani? Mwisho ajione siku ya hukumu, aulize vivyo hivyo.

Tazama swali lilivyoundwa. Inyasi haulizi utajutia nini maishani, swali ambalo siku hizi limezagaa na ambalo kila mtu hulijibu kwa jibu lile lile: ningekaa zaidi na familia, ningefanya kazi kidogo. Anauliza kuhusu uamuzi huu mmoja ulio mezani. Kwa hiyo jibu linaweza kuwa lolote. Saa ya kufa inaweza kumwambia mtu aache kazi, na inaweza kumwambia abaki kwenye kazi ngumu kwa sababu kuna watu wanaoitegemea. Anayeona kila akitafakari kifo anaambiwa kile kile alichokuwa akikitamani, ana sababu ya kulitilia shaka zoezi lake. Ndiyo kazi ya yule mtu asiyemjua aliyewekwa mwanzo: kumtenganisha mchaguaji na tamaa zake kabla hajafika kitandani pa kufia.

Sasa tuzikusanye sehemu hizo katika jioni moja. Tuchukue mfano wa fundi seremala wa miaka 46, mwenye karakana ndogo, mke na watoto watatu. Ameswali isha, simu ameiacha chumba kingine, amejipa dakika kumi na daftari. Anamchagua mwenzake mmoja, fundi wa rika lake aliyefariki mwaka juzi. Hawazi kaburi kwanza. Anakumbuka alivyokuwa akijaribu ukali wa randa kwa kidole gumba, alivyoita watu kwa sauti ya juu tangu barabarani. Anakumbuka mbao za mninga alizokuwa amenunua kwa kitanda cha binti yake anayeolewa, ambazo baada ya mazishi zilibaki zimeegemea ukutani na mchwa wakaanza na upande wa chini. Hapo anatulia. Kama picha haijaja na kitu cha kushikika kama mbao zile, bado yuko kwenye wazo la jumla na anahitaji kusubiri kidogo.

Kisha anasogea kwake mwenyewe. Huenda asifike asubuhi. Presha, umeme wa karakana, pikipiki barabarani: moja linatosha, hana haja ya kuyachora. Ndipo anauliza: nikifa usiku huu, ni kitu gani kitabaki kinanizuia?

Jibu la kwanza karibu kila mara huja likiwa bovu. Atajiambia kwamba anatakiwa kuwa mtu bora, aswali zaidi, awapende watoto. Haya ni kweli na hayafai kitu usiku huo. Jibu linalokubalika lina mtu, lina kitu na lina siku. Akikaa nalo dakika nyingine mbili linajitokeza lenyewe: miezi miwili iliyopita alipokea malipo ya awali ya shilingi laki nne kwa kabati, akayapeleka kwenye ada ya shule, na mteja akipiga simu haipokei. Hilo ndilo. Mke wake halijui, kwa hiyo akifa usiku huu mteja atakuja msibani kudai kitu ambacho hakuna anayeweza kukithibitisha.

Anachofanya usiku ule ni kidogo: anaandika jina, kiasi na tarehe, anamwonyesha mkewe. Asubuhi anapiga simu kabla hajafungua karakana. Pia ana ugomvi wa kiwanja na kaka yake, na umejitokeza katika dakika zile zile. Anauandika mstari wa pili na kuuacha. Anayejaribu kumaliza yote kwa jioni moja huchoka kufikia siku ya tatu na kuacha. Jambo moja kwa usiku mmoja linatosha.

Wiki ijayo ana uamuzi wa kufanya: achukue mkopo aongeze mashine, au abaki alivyo. Hapa swali la usiku halimsaidii sana, maana mkopo si dhambi ya kuacha. Analihitaji la Inyasi. Angemshauri nini seremala asiyemjua, mwenye watoto watatu na deni la laki nne? Huenda angemwambia kwanza amalize kabati. Na akiwa kitandani pa kufa, angependa awe ameamua akiwa na hesabu zote mbele yake, au akiwa na hamu ya kumzidi jirani? Jibu linaweza kuwa chukua mkopo. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua anauchukua kwa ajili gani.

Baada ya wiki kadhaa daftari lenyewe linasema. Mistari iliyofutwa ni mambo yaliyokwisha. Mstari uliorudi mara tatu au nne bila kufutwa, kama ule wa kaka yake, hauhitaji tafakuri zaidi. Unahitaji mtu wa tatu: mjomba, imamu, padri, mzee wa mtaa. Kuendelea kuutafakari usiku baada ya usiku ni kujitesa tu, na ni njia mojawapo ya kuukwepa huku ukijiona mcha Mungu.

Nimeacha kwa makusudi hatari iliyo kubwa zaidi, kwa sababu vitabu vya mawaidha huipita. Maandiko ya nidhamu ya watawa wa Kibudha yanasimulia kwamba huko Vesali Budha aliwafundisha watawa kutafakari uchafu na uozo wa mwili, kisha akajitenga kwa nusu mwezi. Aliporudi akakuta watawa wamepungua. Wengi waliichukia miili yao kiasi kwamba walijiua, au walimwomba mtu mwingine awaue. Budha aliwakusanya waliobaki akawapa zoezi jingine, la kuiangalia pumzi kwa utulivu, na tukio hilo ndilo linaloelezwa kuwa chanzo cha kanuni inayomfukuza katika utawa mtu anayeua au anayemshawishi mwingine afe. Jamii iliyohifadhi kisa kama hicho dhidi ya zoezi lake yenyewe inastahili kusikilizwa inapoonya.

Onyo lake ni hili: tafakuri ya kifo ni ya mtu anayependa kuishi. Inampunguzia uzembe. Aliyekwisha choka na maisha, aliyefiwa juzi, ambaye hapati usingizi wala hamu ya kula, zoezi hili halimfai, na kiongozi wa dini anayempa amekosea dawa. Anahitaji watu wa kukaa naye, na daktari. Mtume alikataza mtu kutamani kifo kwa sababu ya dhiki iliyompata. Kama hana budi, aombe abakishwe maadamu uhai ni heri kwake na afishwe kama kufa ni heri kwake. Dua hiyo inamwondolea mwenye dhiki mzigo wa kuamua.

Dalili za mapema zinaonekana. Zoezi likienda vizuri, mtu huonekana kwa wengine: analipa, anapokea simu, anaomba radhi, anaacha maagizo yanayoeleweka. Likienda vibaya, anajitenga, anaacha kazi zenye faida ya muda mrefu, anasema kuna haja gani ya kupanda mwembe ambao sitaula. Kwa huyu wa mwisho kuna hadithi nyingine: kiama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu kuna mche wa mtende, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, aupande. Mtende huchukua miaka kabla ya kuzaa. Aliyeambiwa aupande hakuahidiwa hata tende moja.

Seremala wetu, usiku ambao amekaa dakika zake kumi na hakuna jina lililojitokeza, asiendelee kuchimba akitafuta kosa. Watu wenye bidii huharibu hapa. Wanaona usiku usio na hatia ni usiku ambao hawakutafakari vya kutosha. Maelekezo ya mtawa yanasema wazi kwamba asiyeona kizuizi akae na furaha. Afunge daftari, aende akaangalie kama watoto wamefunikwa vizuri, alale.